Shilingi Sitini za Kila Kilo

Mkutano uliitishwa saa nane mchana, chini ya mwembe ulio mbele ya ofisi ya kijiji, kwenye uwanda wa Makonde wilayani Newala. Ilikuwa mwanzoni mwa Septemba. Mabibo ya kwanza yalikuwa yameanza kudondoka, na watu wengi walikuja moja kwa moja kutoka shambani, vidole bado vina utomvu. Afisa ushirika wa wilaya alikuwa ameshafika. Juu ya meza yake hapakuwa na kitabu wala karatasi ya hotuba. Palikuwa na mizani ndogo, kiroba cha korosho na bakuli la plastiki, lile ambalo kila aliyekuwapo alilijua.

Aliwaamkia wazee shikamoo, akawauliza kina mama habari za mashambani, kisha akachota korosho kwa bakuli lile. Alilijaza mpaka likafanya kichuguu, kama wanavyolijaza wanunuzi wa kangomba wanaopita majumbani jioni.

“Hii wanaiita kilo ngapi?”

“Moja,” watu wakajibu.

Akazimwaga korosho kwenye mizani, akamwita msichana wa darasa la sita asome. Msichana akasoma kwa sauti: kilo moja na robo. Minong'ono ikazagaa. Si kwamba watu hawakujua bakuli linazidi. Walijua. Ila hawakuwahi kuiona ile robo imeandikwa kwa namba mbele yao.

Ndipo alipoanza kueleza chama cha ushirika ni nini, na akaanzia hapo hapo kwenye mizani. Mwenye kushika kipimo, alisema, ndiye anayepanga bei, hata kama bei imetangazwa redioni. Chama cha msingi ni watu wa kijiji walioamua kununua mizani yao wenyewe, kumweka mtu wao wa kupima, kuandika kilo kwenye daftari lao na kuuza mzigo wote kwa pamoja. Ghala, bodi, mhuri na akaunti ya benki vyote vimekuja baadaye ili kuilinda kazi hiyo.

Aliwasimulia habari ya Usukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakiuza kwa wafanyabiashara wenye mizani yao, na wengi wa wakulima hawakuweza kuisoma. Walichofanya kilikuwa rahisi: waliwachagua vijana wao waliojua namba wakawaweka kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima aende dukani akijua uzito wa mzigo wake. Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, alikuwa miongoni mwa walioongoza harakati ile. Kutokana na vikundi hivyo vya wapimaji vikazaliwa vyama, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa shirikisho kubwa la Victoria. Nchi ilipopata uhuru, karibu pamba yote ya kanda ile ilikuwa ikipitia mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe, navyo vilikuwa vimeanza kumiliki viwanda vya kuchambulia. Nimesoma maelezo mengi ya ushirika, lakini sijapata linaloelekeza vizuri kuliko hili. Wale watu hawakuanza na mtaji. Walianza na mtu mmoja anayejua kusoma mizani na kuaminiwa na wenzake.

Kijana mmoja aliyeegemea pikipiki yake akanyoosha mkono. “Mama, mimi nina simu. Bei ya mnada naiona siku hiyo hiyo. Kwa nini nisimtafute mnunuzi mwenyewe?”

Jibu lake lilikuwa la hesabu. Mnunuzi mkubwa wa korosho ghafi anasafirisha kwenda India au Vietnam. Kontena moja la futi 20 hubeba takriban tani 15, na mtu wa namna hiyo hanunui kontena moja. Mkulima wa kawaida pale kijijini huvuna magunia manne, ya kilo 80 kila moja, yaani kilo 320. Ili kulijaza kontena moja tu wanahitajika wakulima 47 wa aina yake, wote wakiwa wamekausha sawasawa na kuchambua madaraja kwa namna moja. “Ukienda peke yako na magunia manne,” akamwambia, “atakayekupokea ni yule yule wa bakuli. Atayakusanya ya kwako na ya wenzako 46, kisha yeye ndiye atakayekwenda kuuza kontena. Kazi ya kukusanya itafanyika tu. Suala ni nani anaifanya, na nani anabaki na pesa ya kukusanya.”

Halafu akalifuata gunia moja kutoka kijijini hadi kwenye malipo, na hapa ndipo watu walipotulia kabisa. Mkulima hukausha korosho juani siku mbili tatu, mpaka ukizitikisa mkononi zinalia. Huzichambua, zilizo nzuri peke yake na zenye madoa au zilizosinyaa peke yake, maana daraja la pili huuzwa kwa bei yake. Huzipeleka kwenye ghala la chama, zikapimwa akiona, akapewa stakabadhi yenye jina lake, kilo zake na daraja. Chama husafirisha mzigo hadi ghala kuu, nako hupimwa upya na kukaguliwa ubora. Chama kikuu, kwa Newala na Tandahimba ni TANECU, hukusanya mizigo ya vyama vyote na kuitangaza mnadani. Wanunuzi huleta bei zao, zikasomwa mbele ya wakulima, na wakulima ndio husema wanauza au hawauzi. Mnunuzi akishalipa, makato huondolewa na kinachobaki huingia kwenye akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani unatokana na sheria ya mwaka 2005, na kwenye korosho ulianza mkoani Mtwara msimu wa 2007/08.

Akachukua kipande cha chaki akaandika kwenye mlango wa ofisi. Alisisitiza kuwa ni namba za mfano, kwa sababu bei na makato hubadilika kila msimu na kila chama kina yake. Tuseme mnada umefika shilingi 2,900 kwa kilo. Ushuru wa halmashauri, asilimia tatu, ni shilingi 87. Magunia, usafiri na ghala kuu, shilingi 93. Chama kikuu, 30. Chama cha msingi, 60. Jumla ya makato ni shilingi 270, na mkulima anabaki na 2,630 kwa kila kilo. Kwa kilo zake 320 anapata shilingi 841,600.

Pembeni akaandika hesabu ya bakuli. Mnunuzi wa kangomba analipa shilingi 1,800, pesa mkononi, hakuna makato. Lakini kilo 320 zikipimwa kwa bakuli la kilo moja na robo zinageuka kuwa bakuli 256. Mara 1,800 ni shilingi 460,800. Kilo 64 zimepotea kwenye kichuguu cha bakuli kabla ya kuzungumzia bei. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni shilingi 380,800, kwa mtu yule yule na mikorosho ile ile.

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni hakuridhika, na nadhani alikuwa na haki. “Mwanangu akiugua mwezi wa saba,” alisema, “mnada haupo. Wa kangomba yupo.” Afisa hakulikwepa. Alikiri kwamba chama cha mazao, kwa namna kilivyo, hakina jibu la mwezi wa saba. Wanaouza kwa bakuli si wajinga. Wengi wameshakopa miezi kabla ya mavuno na wanalipa kwa korosho. Dawa yake, alisema, ni akiba na mikopo midogo ndani ya kijiji. Penye SACCOS, mwanachama hukopa kutokana na akiba yake na kurejesha baada ya mnada. Pasipo na SACCOS, vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa vinaifanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo. Lakini asidhani mtu kwamba akijiunga na chama leo shida ya mwezi wa saba imekwisha.

Kisha likaja swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lilikuwa kiini cha mkutano ule. Mzee wa makamo, mwenye shamba kubwa kidogo, alisimama polepole. “Mimi si mwanachama. Kila msimu napeleka korosho zangu kwenye ghala hilo hilo. Napata bei ile ile ya mnada, nakatwa makato yale yale. Sasa nikitoa kiingilio na kununua hisa, naongeza nini?”

Watu walicheka kidogo wakageuka kumtazama afisa, kwa kuwa ndivyo wengi wao walivyokuwa wakifikiri kimoyomoyo.

Afisa alirudi mlangoni akaizungushia duara ile namba 60.

“Hizi, mzee wangu, ni pesa zako. Kila kilo unaacha shilingi sitini pale ghalani. Kwa magunia manne ni shilingi 19,200. Nani aliamua ziwe sitini, zisiwe arobaini?”

Mzee hakujibu.

“Mkutano mkuu wa wanachama. Wewe ulikuwa nje.”

Akaendelea taratibu. Chama kinachokusanya tani 400 kwa msimu hupata, kwa shilingi 60 za kila kilo, shilingi milioni 24. Humo analipwa katibu au meneja, mlinzi, wapakiaji, karatasi, matengenezo ya ghala na ada ya ukaguzi. Kila mwaka bodi huandaa makisio ya mapato na matumizi, na mkutano mkuu huyapitisha au huyakataa. Mkutano huo huo huweka ukomo wa madeni, yaani kiwango ambacho bodi haiwezi kukivuka inapokopa kwa jina la chama. Mkutano huichagua bodi na unaweza kuiondoa. Ndani yake mwenye mikorosho 500 ana kura moja, na mjane mwenye mikorosho 20 ana kura moja. Hapo ndipo chama kinapotofautiana na kampuni, ambayo mwenye hisa nyingi ndiye mwenye sauti. Asiye mwanachama anatoa shilingi 60 kama wengine, lakini hana mlango wa kuingilia kwenye maamuzi hayo. Anatoza kodi nafsi yake kwa kiwango kilichopangwa na jirani.

Wengine hapo wangetarajia aseme kwamba mwanachama hupata gawio nono mwisho wa mwaka. Hakusema hivyo, na nilimheshimu. Alipiga hesabu wazi. Tuseme kwenye zile milioni 24 matumizi ni milioni 19. Bakaa ni milioni tano. Kwanza inatolewa akiba ya chama, na iliyobaki mkutano unaamua. Tuseme umeamua milioni tatu zirudi kwa waliouza, kwa uwiano wa kilo na si wa hisa. Milioni tatu ukizigawa kwa kilo 400,000 ni shilingi saba na nusu kwa kilo. Mwenye magunia manne anapata shilingi 2,400.

“Shilingi elfu mbili na mia nne,” alirudia, ili kila mtu asikie. “Akija mtu kuwashawishi mjiunge kwa ajili ya gawio, muulizeni hesabu hii.”

Faida ya mwanachama iko kwenye ile bei ya 2,630 badala ya 1,440, ambayo ndiyo bei halisi ya kilo ukiuza kwa bakuli, na iko kwenye uwezo wa kuizuia ile 60 isije ikawa 100. Ndiyo maana vyama vingi vyenye busara havigawi bakaa yote. Hununua mizani mpya, huezeka ghala, au huagiza salfa ya kupulizia ubwiriunga kwa wingi ili wanachama waipate kwa wakati. Mkorosho ukikosa salfa wakati wa maua, hasara yake haifidiwi na gawio lolote.

Lakini wazee wa kusini wanakumbuka, na mmoja wao hakuacha ipite. Alisema chama walichokuwa nacho zamani kilivunjwa na serikali mwaka 1976, mali zikaondoka, mamlaka za mazao zikachukua nafasi, hata viliporuhusiwa tena kwa sheria ya 1982 imani ilikuwa imeshapungua. Akakumbusha pia Liwale, Aprili 2013, nyumba zilipochomwa moto baada ya wakulima kuambiwa kwamba malipo ya pili yangekuwa pungufu ya walivyoahidiwa. “Leo mnatuambia chama ni chetu. Kilikuwa chetu na wakati ule?”

Ni swali linalostahili jibu la kweli, na sehemu ya jibu iko kwenye namna malipo yalivyokuwa yakifanyika. Miaka ile vyama vilikopa benki ili kumlipa mkulima malipo ya kwanza kabla korosho hazijauzwa. Malipo ya pili yalitegemea bei itakayopatikana baadaye, na riba ilikuwa ikikimbia wakati mzigo umelala ghalani. Bei ikishuka, benki hulipwa kwanza, na anayebaki na pengo ni mkulima. Siku hizi mkulima hulipwa mara moja baada ya mnada, kwa pesa iliyotoka kwa mnunuzi. Hatari ile imepungua, ingawa kungoja kumebaki. Ndiyo sababu ukomo wa madeni si jambo la kupitishwa kwa makofi mwisho wa mkutano watu wakiwa na njaa. Chama kinaweza kupoteza ghala lake kwa saini tatu za watu wa bodi, kama wanachama waliwaachia waandike kiwango wanachotaka.

Kuhusu wizi, afisa alisema jambo ambalo maofisa wengi hulisema wakiwa faraghani tu. Alieleza unavyofanyika. Katibu asiye mwaminifu huandika kilo hewa: stakabadhi yenye jina la mtu ambaye hakuleta korosho. Ghalani zimeingia kilo 10,000, daftarini zimeandikwa 10,400. Pesa ya mnada inakuja kwa kilo 10,000, inagawiwa kwa 10,400, na mwisho kuna wakulima ambao majina yao yamefika mwisho wa orodha na pesa imekwisha. Wao huambiwa benki inachelewesha. Njia ya pili ni upungufu wa uzito. Korosho ambayo haikukauka vizuri hupungua kweli ikikaa, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya mizani ya kijiji na ya ghala kuu ni ya kawaida. Tofauti kubwa si ya kawaida. Kuna mizani iliyochezewa au kuna magunia yaliyoshuka njiani.

Mambo yote mawili hugunduliwa kwa kitendo kimoja, ambacho hakihitaji elimu ya uhasibu. Jumlisha stakabadhi zote za wakulima katika mzigo mmoja, kisha uombe kuona stakabadhi ya ghala kuu ya mzigo huo huo. Namba hizo mbili zinapaswa kukaribiana sana. Mwanachama ana haki ya kuziomba kwenye mkutano, na bodi ina wajibu wa kuzionyesha. Pamoja na hilo kuna taarifa ya ukaguzi wa mahesabu, inayofanywa na COASCO au mkaguzi mwingine aliyeidhinishwa, ambayo husomwa mbele ya wanachama. Hati inayoridhisha haimaanishi kwamba kila mtu ni mwadilifu, lakini chama kisichokuwa na taarifa kabisa, au chenye hati chafu mfululizo na viongozi wale wale, kimeshasema vya kutosha. Malalamiko hupelekwa kwa mrajis, kupitia ofisi ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika ya mkoa.

Nimekaa kwenye mikutano ya vyama mara nyingi na nimeona sababu halisi ya vyama kuharibika. Wanachama 300 huandikwa, 40 huja mkutanoni, na kati ya hao kumi ni ndugu za bodi. Makisio husomwa kwa dakika tano. Mwaka unaofuata watu wanalalamika barazani kwamba chama kimeliwa. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeweka bodi, mkaguzi na mrajis, lakini hakuna hata mmoja wa hao anayekuwapo ghalani gunia lako linapopandishwa kwenye mizani. Uliyepo ni wewe.

Kujiunga kwenyewe si kazi ngumu: maombi kwa bodi, kiingilio, hisa kama masharti ya chama yanavyosema, jina kwenye rejista. Jua lilipoanza kushuka, yule mzee mwenye shamba kubwa alikuwa wa tatu kwenye foleni ya kuandikishwa. Yule mama wa mwezi wa saba aliondoka bila kuandika jina, akasema atafikiri kwanza, na afisa akamwambia hilo nalo ni sawa.

Wewe unayesoma, kama tayari ni mwanachama wa chama chochote cha mazao, kiwe cha korosho, kahawa, pamba au ufuta, usizitupe stakabadhi zako za msimu huu. Mkutano mkuu ukiitishwa, nenda nazo, na uulize kwa sauti ya kusikika: kilo zetu zilizofika ghala kuu ni ngapi?